Inhela, dawa ya mafua au enaji? Nilivyotafuta kinachoupeleka moyo wangu mbio

Mwenye pumu akipata mafua, mara nyingi hujikuta anatumia kwa pamoja vitu vitatu ambavyo vyote vinaugusa moyo. Ya kwanza ni inhela ya bluu, ile ya salbutamoli ya kufungua kifua. Ya pili ni vidonge vya mafua vya kuzibua pua. Ya tatu, kama ana kazi za usiku zisizosubiri apone, ni kopo la enaji. Moyo ukianza kwenda mbio, inhela ndiyo inayolaumiwa kwanza, kwa sababu kazi yake inaonekana papo hapo: unavuta, mikono inatetemeka kidogo, kifua kinadunda. Nina pumu tangu utotoni, na kwa muda mrefu nami niliamini hivyo. Nilipoanza kuhesabu mapigo na kuandika, jibu lilikuwa tofauti, na kama ningeacha inhela kwa dhana ile ningejitia hatarini.

Wakati huo nilikuwa nafanya zamu za usiku. Mafua yalinishika, pua ikaziba, homa ikapanda kidogo, na kama ilivyo kawaida yangu yakashuka kifuani. Kifua kikaanza kubana na kutoa mlio. Usiku mmoja, saa nne, nikiwa nimekaa tu kwenye kiti, nilihesabu mapigo nikapata 122 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Nilikuwa nimetoka kuvuta inhela muda si mrefu. Nilikaa macho mpaka alfajiri nikiogopa kulala na nikiogopa pia kuvuta tena, huku kifua kikizidi kubana. Hofu hiyo nayo inaongeza mapigo, kwa hiyo ukijishika mkono kila baada ya dakika mbili utakuta namba inapanda tu.

Asubuhi nilikusanya kila nilichokuwa natumia nikaenda kwa mfamasia. Ni mama wa makamo ambaye amenihudumia miaka mingi. Aliniambia, "Niwekee vyote hapa mezani, mwanangu, hata kopo." Nikaweka inhela, vidonge vya mafua vya mchana, pakiti za unga wa mafua wa kuchanganya na maji moto, na kopo tupu la enaji. Akavaa miwani akaanza kusoma maandishi madogo, siyo majina makubwa ya mbele.

Alianza na vidonge na unga. "Hivi viwili ni ndugu wa baba mmoja," alisema. Kila kidonge kilikuwa na parasetamoli miligramu 500 na pseudoefedrini miligramu 30, nami nilikuwa nameza viwili viwili mara tatu kwa siku. Pakiti moja ya unga ilikuwa na parasetamoli miligramu 1000 na fenilefrini, ambayo ni dawa nyingine ya kuzibua pua. Akachukua karatasi akanifanyia hesabu. Kwenye vidonge nilikuwa napata gramu 3 za parasetamoli kwa siku, na kwenye pakiti mbili za unga gramu 2 nyingine, jumla gramu 5. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni gramu 4. Kumbe kabla hata hatujafika kwenye moyo, ini langu lilikuwa linabebeshwa mzigo.

Pseudoefedrini inazibua pua kwa kubana mishipa midogo ya damu iliyovimba ndani ya pua. Tatizo ni kwamba haibaki puani. Inazunguka mwili mzima, inachochea kemikali zilezile ambazo mwili hutoa mtu akishtuka, na hivyo presha inaweza kupanda, mapigo yakaongezeka na usingizi ukakimbia. Ndiyo maana mwenye presha ya juu au ugonjwa wa moyo hashauriwi kuitumia bila kumuuliza daktari. Fenilefrini ya kumeza iko kundi hilohilo, na faida yake ni ya mashaka: mwaka 2023 jopo la wataalamu wanaoishauri mamlaka ya dawa ya Marekani lilihitimisha kwamba ikimezwa, kwa kipimo kinachouzwa, haizibui pua. Kwa hiyo pakiti zile za unga zilikuwa zinanipa parasetamoli ya ziada na pengine hakuna kingine cha maana.

Kisha akageuza kopo la enaji. Liliandikwa kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100, na kopo lenyewe lilikuwa la mililita 500, yaani miligramu 160 kwa kopo zima. Watu wengi husoma namba ile ya kwanza wakadhani ndiyo jumla. Kwa mtu mzima mwenye afya, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaona kafeini hadi miligramu 200 kwa mkupuo mmoja na hadi 400 kwa siku haina madhara. Kopo langu moja lilikuwa ndani ya mpaka huo. Lakini mpaka huo uliwekwa kwa mtu mwenye afya, wala haukuhesabiwa pamoja na dawa ya kuzibua pua na homa. Akaniuliza pia chai nakunywa vikombe vingapi, kwa sababu nayo ina kafeini. Akanikumbusha kwamba baadhi ya vidonge vya mafua na vya maumivu ya kichwa huwekewa kafeini, na kwamba neno "guarana" kwenye kopo maana yake inaweza kuwa kafeini nyingine juu ya ile iliyotajwa.

Inhela aliiacha mwisho. Kila pafu, yaani kila mbonyezo mmoja wa dawa, ilikuwa na mikrogramu 100 za salbutamoli. Dawa hii inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, lakini vipokezi inavyoamsha viko pia kwenye misuli ya mikono, kwenye mishipa ya damu na kwenye moyo wenyewe. Ndiyo sababu mikono hutetemeka na moyo huongeza mwendo. Aliniuliza kama natumia chupa ya kuvutia dawa, ile spesa. Nilikuwa nayo kabatini, haitumiki. Ukivuta moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo, nawe unaimeza. Inaingia kwenye damu bila kuusaidia mfuko wa hewa hata mmoja. Ukitumia spesa, nyingi zaidi inafika kifuani na kidogo ndiyo inayobaki kooni.

Nikamwambia, "Basi mama, niache inhela siku mbili tuone." Alinikatiza. "Inhela huiachi. Ukitaka kujua nani anakusumbua, anza kumtoa yule unayeweza kuishi bila yeye." Sentensi hiyo ndiyo niliyoifuata katika yote yaliyobaki.

Kabla sijatoa chochote, nilianza kuandika. Nilikuwa nakaa kimya dakika tano, naweka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kuhesabu dakika nzima. Kidole gumba hakitumiki kuhesabia, kwa sababu kina mapigo yake yanayosikika na unaweza kujihesabu mara mbili. Saa za mkononi na kile kifaa cha kubana kidoleni vinasaidia, lakini ukitikisika au vidole vikiwa vya baridi vinaweza kukupa namba ya ajabu, kwa hiyo namba ikinishangaza nilirudia kwa vidole. Nilisikiliza pia kama mapigo yanaenda kwa mpangilio au yanarukaruka.

Kwenye daftari niliandika saa, mapigo, joto la mwili, hali ya kifua, nilichotumia na saa niliyokitumia, na ninavyojisikia. Safu hiyo ya mwisho niliitenga makusudi. Kuusikia moyo na moyo kwenda mbio ni mambo mawili. Mara kadhaa niliandika "unadunda sana", kisha nikahesabu na kukuta 78. Kafeini hasa ndiyo huleta hali hiyo. Kwa aliyeizoea huenda isipandishe mapigo kwa kiasi kikubwa, lakini hufanya kila pigo lisikike kwa nguvu, hasa ukilala ubavu wa kushoto. Asiyehesabu ataandika kwamba moyo ulikwenda mbio, na uchunguzi wote utakuwa umepotea njia mwanzoni.

Hivi ndivyo ukurasa wa siku moja mbaya ulivyosomeka:

Saa 1 asubuhi, kabla ya kitu chochote: 86, joto 38, kifua kinabana kidogo.
Saa 2 asubuhi: vidonge viwili vya mafua.
Saa 4 asubuhi: 98, pua imezibuka, mdomo mkavu.
Saa 8 mchana: vidonge viwili tena.
Saa 1 jioni: enaji, kopo zima.
Saa 2 usiku: vidonge viwili tena. Mapigo 108 kabla ya kumeza.
Saa 4 kasoro robo usiku: kifua kinabana, pafu nne za inhela.
Saa 4 usiku: 120, mikono inatetemeka.
Saa 6 usiku: 106, sina usingizi.

Ukiangalia mstari wa saa nne usiku peke yake, mshitakiwa ni inhela. Lakini panda juu kidogo. Saa mbili usiku, kabla ya pafu hata moja, mapigo yalishafika 108. Inhela iliongeza kidogo juu ya mlima uliokwishajengwa tangu asubuhi. Na ile 86 ya saa moja asubuhi nayo ina maelezo: nikiwa mzima huwa karibu 70, na homa hupandisha mapigo kwa takriban 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, hata usipokunywa kitu.

Kilichonisaidia zaidi kusoma ukurasa huu ni kuelewa kwamba kila kitu kina saa zake. Salbutamoli ya kuvuta huanza kazi ndani ya dakika chache. Mtetemeko na mapigo hufika kileleni katika nusu saa au zaidi kidogo, kisha hushuka, ingawa kifua hubaki wazi kwa saa nne hadi sita. Kwa hiyo kama moyo bado uko mbio saa tatu baada ya pafu mbili, tafuta sababu nyingine. Kafeini hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja, lakini huondoka polepole: kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano kupungua nusu. Kopo langu la saa moja jioni lenye miligramu 160 lilikuwa bado na kama 80 mwilini saa sita usiku, sawa na kunywa kopo dogo la mililita 250 wakati wa kulala. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kukaribia mara mbili, na kwa mjamzito hurefuka zaidi. Pseudoefedrini nayo hukaa saa kadhaa, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya saa nne hadi sita, na kuna vidonge vya kutoa dawa polepole ambavyo hudumu saa 12. Ukimeza wakati wa jioni kidonge hicho cha kudumu saa 12, usiku mzima ni wake.

Nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa ule unga, maana haukuwa na kazi. Mapigo hayakubadilika kwa namna niliyoweza kuiona. Kisha enaji. Hapa tahadhari: mtu aliyezoea kafeini kila siku akiikata ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya siku moja, na maumivu yanaweza kuendelea hadi wiki. Kikichanganyika na kichwa cha mafua hutajua kipi ni kipi, na jambo la kwanza utakalofanya ni kumeza dawa ya kichwa ambayo huenda ina kafeini. Nilishuka kwa kunywa nusu kopo, tena mapema zaidi, kabla ya kuacha kabisa. Hata hivyo kichwa kilinisumbua, na zamu zilikuwa ngumu. Baada ya hapo usingizi ulirudi kwanza. Mapigo ya saa sita usiku yakashuka hadi tisini na kitu, lakini ya mchana yakabaki palepale.

Baada ya hapo nikaacha vidonge vya kuzibua pua. Nilibaki na parasetamoli ya peke yake kwa homa, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ya dawa. Mfamasia alikuwa ameniuliza mapema kama nimewahi kubanwa na pumu baada ya aspirini au ibuprofeni. Baadhi ya wenye pumu hubanwa vibaya, na baadhi ya dawa za mafua zina ibuprofeni ndani. Pia aliniambia nisikimbilie matone ya kuzibua pua kwa siku nyingi, maana yakitumika mfululizo kupita siku chache pua huzoea na kuziba zaidi yakikatwa. Hapo ndipo namba za mchana zilipoanguka. Saa nne asubuhi iliyokuwa 98 ikawa 84, na sehemu ya hizo 84 ilikuwa homa iliyokuwa inaisha.

Ningeweza kusema sasa mwizi amekamatwa, lakini kuna ukurasa mmoja uliobadilisha kabisa ninavyoitazama inhela. Kikohozi kiliniamsha usiku, kifua kimebana. Sikuwa nimetumia dawa ya pua wala kafeini. Kabla ya kuvuta nilihesabu: 104. Nikavuta pafu mbili kwa spesa, moja baada ya nyingine, nikitikisa kopo na kupumua taratibu kila pafu. Nilihesabu baada ya dakika 20 nikitegemea kuona 110 au zaidi. Ilikuwa 92. Mapigo yalishuka baada ya inhela.

Daktari alinieleza baadaye kwamba hilo si ajabu. Pumu yenyewe hupeleka moyo mbio. Mtu akihangaika kuvuta hewa, mwili hutoa homoni za dharura na moyo hufanya kazi zaidi kufikisha oksijeni. Inhela ikifungua njia, sababu ya mbio inaondoka, na faida hiyo inashinda ile nyongeza ndogo ya dawa. Kwa hiyo hesabu mapigo kabla ya kuvuta, siyo baada ya kuvuta tu. Ukiwa na namba mbili unaweza kusoma. Zikipanda kidogo baada ya pafu na kushuka ndani ya saa moja au zaidi kidogo, huku kifua kikiwa kimefunguka, hiyo ni dawa inapita. Zikiwa juu tangu kabla ya pafu na kifua kinabana, hiyo ni pumu inaomba matibabu. Zikiwa juu kabla ya pafu na kifua ni safi, angalia ulichomeza au kunywa saa chache zilizopita.

Katikati ya haya yote kuna jambo ambalo bado linanitia baridi. Mfanyakazi mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alinipa kidonge chake. Alisema, "Kaka, hiki ndicho natumia mimi, kinashusha moyo hapohapo." Nikamtumia mfamasia jina lake kwa simu kabla ya kumeza. Akanipigia badala ya kujibu kwa maandishi. Kilikuwa propranololi. Dawa hiyo huzuia vipokezi vilevile ambavyo salbutamoli inaviamsha. Kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua vikali, na inhela ya dharura ikashindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Namba ya mapigo ingeshuka vizuri huku mimi nikikosa hewa. Kama una pumu, usikubali kidonge cha kushusha mapigo cha mtu mwingine, na kila daktari anayetaka kukuandikia dawa ya moyo, ya presha, au hata matone ya macho ya presha ya jicho, mwambie kwanza kwamba una pumu.

Nilipokwenda kwa daktari nilimpa daftari. Alisoma kurasa kadhaa, akapima umeme wa moyo na kuagiza damu kuangalia upungufu wa damu na tezi ya thairoidi, kwa sababu hayo mawili pia huweka mapigo juu siku nzima na hakuna kopo utakaloacha likayashusha. Vipimo vilikuwa sawa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: inhela moja ya bluu inanichukua muda gani kuisha? Kopo lina pafu 200. Mimi nilikuwa nanunua mpya mara kwa mara, nikiona ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye pumu. Akasema kutumia kopo tatu au zaidi kwa mwaka ni ishara kwamba pumu haijadhibitiwa, na kwamba hatari ya shambulio kubwa inaongezeka. Kuhitaji inhela ya kufungulia zaidi ya mara mbili kwa wiki nako ni ishara hiyohiyo.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa inhela ya bluu peke yake. Ile hufungua njia tu, haitibu uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, na uvimbe huo ndio unaofanya mafua kidogo yageuke kuwa usiku wa kubanwa. Nikaanzishiwa inhela yenye steroidi ya kuvuta, ya kutumia kila siku, na kusukutua mdomo baada yake ili nisipate utando mweupe kooni. Haikufanya kazi siku ya kwanza. Ilichukua wiki kadhaa kuonyesha tofauti. Lakini mafua yaliyofuata sikufikia pafu nne kwa mkupuo, na kwa sababu pafu zilikuwa chache, mtetemeko na mapigo yake vilikuwa vichache pia. Njia nzuri ya kupunguza madhara ya inhela ya bluu ni kuifanya isihitajike, na hiyo hufanywa kwa kutibu uvimbe, siyo kwa kuvumilia kubanwa.

Nilipopona kabisa nilipima inhela peke yake, kwa kuwa nilikuwa na haja nayo siku moja baada ya vumbi. Kabla 74, baada ya robo saa 82, baada ya saa moja 75. Nyongeza ya 8. Ndicho kiasi cha yule niliyemlaumu kwa zile 122. Vile vitu vitatu kwa pamoja sikuvijaribu tena ili kuthibitisha, na sikushauri ufanye hivyo. Kuvirundika makusudi uone moyo utafika wapi si uchunguzi.

Njia hii ya daftari inafaa tu kwa mapigo yanayopanda na kushuka taratibu, kwa mtu ambaye vinginevyo yuko sawa. Dada yangu alikuwa na hali ambayo kwa nje ilifanana na yangu. Yake ilianza kwa ghafla kama taa imewashwa, ikafika karibu 180, na kuisha ghafla vilevile, awe amekunywa kitu au la. Hiyo haikuwa kafeini. Ilikuwa hitilafu kwenye njia za umeme wa moyo, na iligunduliwa alipopimwa ikiwa inaendelea. Kwa hiyo yakianza na kuacha ghafla, yakirukaruka bila mpangilio, au yakibaki juu ya 120 ukiwa umetulia bila kushuka, nenda ukapimwe umeme wa moyo, na kama unaweza nenda wakati hali inaendelea. Maumivu ya kifua, kuzirai au kuhisi unazirai ni dharura.

Na pumu ina dalili zake za dharura. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ukipumua mara 25 au zaidi kwa dakika, ukiwa na mapigo 110 au zaidi huku kifua kimebana, au inhela isikupe nafuu au ikikupa nafuu ya muda mfupi tu, hilo ni shambulio kali. Hapo usihesabu tena mapigo wala usiogope inhela. Endelea kuvuta kama ulivyoelekezwa kwenye mpango wako wa pumu, na uitafute huduma ya haraka.

Kuna kundi moja ambalo halifai kufanya jaribio langu nyumbani hata kidogo: wanaomeza vidonge vya pumu vya theofilini au aminofilini. Dawa hizo ni za ukoo mmoja na kafeini, na nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni nyembamba. Antibayotiki kama siprofloksasini na erithromaisini, ambazo mtu anaweza kuandikiwa mafua yakishuka kifuani, huzuia mwili kuiondoa theofilini, ikajaa kwenye damu bila wewe kuongeza hata kidonge kimoja. Moyo kwenda mbio ukifuatana na kichefuchefu, kutapika au kutetemeka kwa mtu wa kundi hili unahitaji kupima kiwango cha dawa kwenye damu siku hiyohiyo. Anayekuandikia antibayotiki aambiwe mapema kwamba unatumia theofilini, kabla hujaondoka na karatasi yake.